Maji Magumu Kutoka Katika Kilainisha Maji: Leja ya Chumvi Yasema Nini

Vyama vya ushirika vyenye viwanda vidogo vya maziwa, hasa vile vinavyotegemea visima virefu vya sehemu za ukame, aghalabu hulazimika kufunga chombo cha kulainisha maji kabla ya maji hayo kuingia katika boila. Maji ya namna hiyo huwa na kalsiamu na magnesiamu nyingi. Hayatoi povu la sabuni kwa urahisi, huacha ukoga mweupe katika sufuria, na yakichemshwa ndani ya boila hujenga gamba gumu juu ya mabomba yake. Gamba hilo huzuia joto lisipite. Kuni au mafuta huteketea kwa wingi zaidi kwa kazi ile ile, na bomba lililofunikwa gamba hupata moto kupita kiasi, mwishowe hulegea na kupasuka.

Kwa sababu hiyo chama hununua kilainisha maji, hukifunga, hukijaza chumvi, na kuamini kwamba shauri limekwisha. Lakini hutokea mara nyingi kwamba chombo kinaonekana kizima, saa yake inazunguka, tangi lake limejaa chumvi hadi juu, na huku maji yanayotoka ni magumu kama yalivyoingia. Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea, na jinsi katibu wa chama anavyoweza kulitambua mapema akiwa na fimbo ya mti, dawa ya kupimia ugumu wa maji, na leja yake ya ghala.

Chombo kinavyofanya kazi

Kilainisha maji kina matangi mawili. Tangi la kwanza lina chembe ndogo za resini, mfano wa mayai ya samaki, ambazo zimeshika sodiamu. Maji magumu yapitapo kati ya chembe hizo, resini huzishika kalsiamu na magnesiamu na kuiachilia sodiamu mahali pake. Maji yatokayo upande wa pili huwa laini. Hapana kitu kilichochujwa kama mchanga uchujwavyo; kilichofanyika ni kubadilishana.

Ubadilishanaji huo una mwisho. Baada ya kiasi fulani cha maji resini hujaa, na haiwezi kushika zaidi. Hapo ndipo chombo hakina budi kuhuishwa, na hiyo ndiyo kazi ya tangi la pili, yaani tangi la chumvi. Kwanza maji hupitishwa kinyumenyume katika resini ili kuitikisa na kuondoa uchafu. Kisha maji ya chumvi yaliyokolea hufyonzwa kutoka tangi la pili na kupitishwa polepole katika resini. Kwa kuwa chumvi ni nyingi mno, sodiamu huzisukuma kalsiamu na magnesiamu zitoke, nazo huenda na maji machafu mferejini. Baadaye resini husuuzwa kwa maji safi, na tangi la chumvi hutiwa maji tena ili yayeyushe chumvi kwa ajili ya zamu ijayo.

Yafaa ieleweke vyema kwamba chumvi kavu haifanyi kazi yo yote. Kinachohuisha resini ni maji yaliyokolea chumvi. Lita moja ya maji huyeyusha gramu 360 za chumvi, au karibu na hapo, kisha haiwezi kuyeyusha zaidi. Basi kiasi cha chumvi kinachotumika kila zamu huamuliwa na kiasi cha maji yanayoingia katika tangi la chumvi, maadam maji hayo yanaigusa chumvi na kupewa saa kadhaa za kuiyeyusha. Katika sharti hilo la kuigusa ndimo kasoro nyingi zilimojificha.

Hesabu ya mfano

Mfano ufuatao waonyesha jambo hilo kwa hesabu. Chama cha ushirika wa maziwa kina kilainisha maji chenye lita 100 za resini. Maji ya kisima yana ugumu wa miligramu 275 kwa lita, zikihesabiwa kwa kipimo cha kaboneti ya kalsiamu. Kila uhuishaji umepangwa kutumia kilo 16 za chumvi, na kwa kiasi hicho resini hupata uwezo wa kushika gramu 5,500 za ugumu, ama karibu na hapo. Gramu 5,500 zikigawanywa kwa ugumu ulio katika kila lita, jawabu ni lita 20,000. Kiwanda hutumia lita 10,000 kwa siku. Kwa hiyo saa ya chombo imewekwa ili kihuishwe kila baada ya siku mbili, saa nane ya usiku, wakati hapana mtu atumiaye maji.

Kwa mwezi wa siku 30 kuna zamu 15 za kuhuisha. Mara 15 kwa kilo 16 ni kilo 240, yaani magunia yapatayo matano ya kilo 50. Hesabu hii ndiyo kipimo cha chombo. Kilainisha maji kinachofanya kazi sawasawa hakina budi kula chumvi hiyo, kama ng'ombe anayekamuliwa asivyokuwa na budi kula majani.

Sasa leja ya ghala ya chama hicho inasomeka hivi: mwezi wa kwanza yalitolewa magunia matano, mwezi wa pili gunia moja, mwezi wa tatu hapana hata moja. Mlinda ghala aeleza kwamba hakuombwa chumvi kwa kuwa tangi lilikuwa limejaa. Mweka hazina amefurahi, na katika taarifa yake kwa kamati ameandika kwamba gharama za chumvi zimepungua. Katika taarifa hiyo hiyo, ukurasa wa pili, ameandika kwamba gharama za kuni za boila zimepanda, lakini hakuziweka habari hizo mbili pamoja. Zingewekwa pamoja zingesema neno moja: resini haihuishwi, maji magumu yanaingia katika boila, na chama kinaokoa thamani ya magunia machache ya chumvi huku kikiharibu boila.

Chumvi isiyopungua

Chumvi isipopungua kwa muda mrefu, kasoro ni mojawapo ya nne. Saa ya chombo imesimama na haianzishi zamu. Au maji hayaingii katika tangi la chumvi. Au maji ya chumvi yapo lakini hayafyonzwi. Au chumvi yenyewe imejenga daraja.

Daraja la chumvi ni ganda gumu linaloshikamana na kuta za tangi pande zote, likawa kama dari. Hutokea hasa mahali penye unyevu mwingi, au tangi linapojazwa mpaka juu na kuongezwa chumvi mpya kila wakati kabla ile ya chini haijatumika, au inapotumika chumvi laini ya unga badala ya ile ya mawe. Chumvi ya juu hupata unyevu, hukauka, hupata unyevu tena, na punje zake hushikana. Wakati huo huo chumvi ya chini huyeyuka na kufyonzwa. Badala ya ile ya juu kuteremka, hubaki imening'inia, na chini yake hubaki tupu. Maji yanayoingia hukaa chini ya dari hilo bila kuigusa chumvi. Zamu ifikapo, resini hupitishiwa maji matupu, na chombo hukamilisha hatua zake zote kwa utaratibu, lakini bila faida.

Mtu afunguaye kifuniko huona chumvi nyeupe imejaa, akafunga akaenda zake. Pengine humwongezea mzigo daraja hilo kwa gunia jingine.

Kupima na kuvunja daraja

Kabla ya kugusa chumvi, yapasa maji yapimwe. Maji mawili huchukuliwa, moja kabla ya chombo na moja mara tu baada ya chombo, si katika bomba la mbali la kiwandani. Sababu ni kwamba vilainisha maji vingi vina koki ya kupitisha maji kando, itumikayo wakati wa matengenezo, na koki hiyo ikiachwa wazi maji magumu huchanganyika na laini huko mbele. Dawa ya matone inayogeuka kutoka rangi nyekundu kuwa buluu hutoa ugumu kwa tarakimu. Ikikosekana, chupa mbili zenye maji kiasi sawa na matone sawa ya sabuni ya maji zikitikiswa zitaonyesha tofauti: maji laini hutoa povu linalodumu, maji magumu hutoa utando mweupe. Katika mfano huu maji ya kisima yalipimwa miligramu 275, na yaliyopita katika chombo yalipimwa 260. Resini ilikuwa imejaa kabisa.

Hatua ya pili ni fimbo. Fimbo ya ufagio huwekwa nje ya tangi na kutiwa alama palipo na ukingo wa juu, ili urefu mpaka chini ujulikane. Kisha fimbo hiyo husukumwa taratibu ndani ya chumvi. Ikifika chini hadi kwenye alama, hapana daraja. Ikigonga kitu kigumu kabla ya hapo, daraja limepatikana. Katika tangi la mfano huu, lenye kina cha sentimita 110, fimbo ilisimama kwenye sentimita 45. Chini yake palikuwa na nafasi tupu na maji.

Daraja huvunjwa kwa fimbo ile ile ya mti, kwa kugonga taratibu sehemu mbalimbali, ukianzia katikati. Chuma hakifai, wala kugonga kuta za tangi kwa nje hakufai, kwa sababu matangi mengi ni ya plastiki na hupasuka. Ganda likiwa gumu sana, maji ya vuguvugu humwagwa juu yake kulilegeza. Yapasa pia kulilinda bomba la wima lililo ndani ya tangi, ambamo boya na mrija wa kufyonzea hukaa. Likivunjwa, kasoro moja huzaa nyingine. Mabonge makubwa hutolewa nje na kupondwa. Tope litakaloonekana chini huchotwa.

Baada ya hapo hapana haja ya haraka. Maji yaliyomo katika tangi hupewa saa nne au zaidi yakolee, ndipo uhuishaji uanzishwe kwa mkono. Wako wanaopima kukolea kwa maji ya chumvi kwa kutumbukiza yai, na likielea huridhika. Kipimo hicho hakitoshi. Yai bichi huelea katika maji yenye chumvi kiasi cha asilimia 11 tu, hali maji yaliyokolea kabisa yana asilimia 26. Kwa hiyo yai laweza kuelea katika maji ambayo hayana hata nusu ya chumvi inayotakiwa. Kipimo cha lakitometa cha maziwa nacho hakifai kazi hii, kwa kuwa alama zake huishia mbali chini ya uzito wa maji ya chumvi. Njia nyepesi ni kuona kwamba kuna chumvi isiyoyeyuka ndani ya maji yenyewe, na kwamba imekaa humo saa za kutosha.

Kasoro ya pili nyuma ya ile ya kwanza

Katika mfano huu, baada ya daraja kuvunjwa na chombo kuhuishwa, maji yalipimwa tena yakawa miligramu 120. Ugumu ulikuwa umepungua, lakini si kama inavyotakiwa. Maji ya chombo kizima huwa karibu na sifuri. Mtu mwenye pupa angesema resini imechakaa na kuagiza nyingine kwa gharama kubwa. Lakini kabla ya kununua cho chote, yapasa zamu moja itazamwe kwa macho tangu mwanzo mpaka mwisho.

Katika hatua ya kufyonza, kimo cha maji ndani ya bomba la wima hutiwa alama kwa penseli. Kimo hicho hakina budi kushuka kwa mfululizo hadi mrija unapokaribia kubaki mtupu. Katika tangi hili kimo kilishuka kidogo kikasimama. Maana yake ni kwamba sehemu ndogo tu ya chumvi ndiyo iliyofika katika resini.

Kufyonza hufanywa na injekta, kitundu chembamba kilichomo katika kichwa cha chombo. Maji ya bomba yapitapo humo kwa kasi huvuta maji ya chumvi nyuma yake. Kitundu hicho kikizibwa na punje ya mchanga, au na tope lililotibuliwa daraja lilipovunjwa, mvuto hupotea. Hupotea vilevile mrija ukiingiza hewa kwenye kiungo chake, au mferejini pakiwa pameziba, au nguvu ya maji ikiwa ndogo, kama itokeavyo tangi la juu linapokuwa karibu na kwisha. Injekta ilifunguliwa baada ya koki za maji kufungwa, ikasafishwa kwa maji na kijiti laini. Waya haufai, kwa kuwa hukipanua kitundu, na kitundu kilichopanuka hakifyonzi tena kama kilivyokusudiwa.

Zamu ya pili ilitazamwa nayo. Safari hii kimo kilishuka mpaka chini kwa mfululizo. Maji yaliyotoka mferejini yalikuwa na chumvi kali kwa muda, kisha yakasafika. Baadaye tangi la chumvi lilijazwa lita 45 za maji, ambazo zatosha kuyeyusha kilo 16, na boya likafunga. Kwa kuwa resini ilikuwa imelala bila chumvi kwa muda mrefu, ilihuishwa mara ya pili siku iliyofuata. Ndipo tone la kwanza la dawa lilipogeuka buluu papo hapo.

Kimo cha maji katika tangi chasaidia kuzibagua kasoro hizi. Tangi likiwa limefurika baada ya zamu, maji hayafyonzwi, na kasoro i katika injekta, mrija au mfereji. Tangi likiwa kavu saa nyingi baada ya zamu, maji hayajazwi, na boya au vali yake imekwama. Kimo kikiwa cha kawaida na chumvi haipungui, fimbo itafutwe. Saa ikiwa haionyeshi wakati wa kweli kwa sababu ya kukatika umeme, basi chombo huenda kinahuishwa mchana wakati wa kazi, na katika muda huo vyombo vingi hupitisha maji magumu moja kwa moja hadi kiwandani.

Chumvi inapopungua na maji bado ni magumu

Iwapo leja yaonyesha kwamba magunia matano yametoka kila mwezi na kuingia katika tangi kweli, na maji bado ni magumu, basi daraja si sababu, na mahali pa kutafuta ni pengine. Pengine koki ya kando iko wazi. Pengine kiwanda kimeongeza kazi na sasa kinatumia lita 14,000 kwa siku; lita 20,000 za uwezo zitakwisha kabla ya siku ya pili kuisha, na maji ya saa za mwisho yatakuwa magumu ingawa ya asubuhi ni laini. Pengine kisima kipya kina ugumu mkubwa kuliko cha zamani. Mwisho wa yote ndipo ifikiriwe resini yenyewe, ambayo huharibiwa na klorini nyingi, na hufunikwa na chuma kilichomo katika maji ya visima vingine.

Jambo moja lisitarajiwe kutoka katika chombo hiki. Kilainisha maji hakipunguzi chumvichumvi ya maji wala floraidi. Huondoa ugumu tu. Kwa hiyo boila haina budi kuendelea kumwagwa maji yake ya chini kama kawaida, na maji machafu ya uhuishaji yasielekezwe bustanini wala karibu na kisima.

Utaratibu wa kufuatwa

Tangi la chumvi lijazwe si zaidi ya theluthi mbili, na chumvi iachwe ishuke chini sana kabla ya kuongeza nyingine. Itumike chumvi ya mawe iliyo safi na kavu, na kifuniko kifungwe. Fimbo itumbukizwe mara moja kila juma, na tangi lioshwe mara moja kwa mwaka ili kuondoa tope.

Juu ya hayo, katibu afungue ukurasa mmoja katika daftari la kiwanda wenye safu nne: tarehe, mita ya maji, chumvi iliyotiwa kwa kilo, na ugumu wa maji yaliyotoka. Mwisho wa mwezi lita zilizotumika zigawanywe kwa 20,000, au kwa tarakimu ya chombo cha chama chenyewe, na jawabu lizidishwe kwa kilo za zamu moja. Kilo zitakazopatikana zilinganishwe na zile zilizotolewa ghalani. Zikipishana kidogo, si neno. Zikipishana kwa gunia zima au zaidi, fundi aitwe kabla taarifa haijapelekwa kwenye kamati, na boila ikaguliwe ndani kwa gamba katika siku ya kwanza itakapozimwa.